"Ile Pesa Itume Kwenye Namba Hii": Jinsi ya Kuutambua, Kuuzuia na Kuuripoti Utapeli wa Simu

Watumiaji wengi wa simu nchini Tanzania wamewahi kupokea ujumbe usemao: "Ile pesa itume kwenye namba hii." Ujumbe huo hautaji jina la mpokeaji, kiasi cha fedha wala sababu ya malipo. Ufupi huo ni wa makusudi. Tapeli hamjui anayemwandikia. Hutuma maneno yaleyale kwa namba nyingi, akitarajia kuwa miongoni mwa wapokeaji yupo anayejiandaa kumlipa mtu fulani.

Tuchukue mfano wa mpangaji aliyeahidi kulipa kodi ya shilingi 150,000 jioni. Alasiri anapokea ujumbe huo, naye anadhani umetoka kwa mwenye nyumba. Kabla hajaweka namba ya siri, simu inamwonesha jina asilolijua. Hashtuki, kwa kuwa ujumbe ulimtahadharisha kuwa jina litakuwa la mtu mwingine. Jina hilo lilikuwa onyo lake la mwisho. Angempigia mwenye nyumba kwa namba aliyoizoea, utapeli ungeishia hapo.

Mbinu nyingine hutumia sauti. Mpigaji hujitambulisha kuwa mhudumu wa kampuni ya simu, kisha humtaka mteja ataje namba ya siri au abonyeze tarakimu fulani. Fahamu kuwa namba rasmi ya huduma kwa wateja ya kampuni za simu ni 100. Anayepiga kwa namba ya kawaida akijiita mhudumu, kata simu yake.

Upokeapo ujumbe wa kitapeli, usiujibu wala usiufute. Utume kama ulivyo kwenda namba 15040. Utapata jibu linalokutaka uandike namba iliyoutuma. Iandike kwa ukamilifu. Baada ya hapo, izuie namba hiyo katika simu yako. Hatua hizi mbili hazifanani: kuizuia hukukinga wewe peke yako, na tapeli aweza kurudi kwa laini nyingine, kuiripoti huwezesha laini yenyewe kufungiwa, na hivyo huwakinga wengine.

Matapeli hupenda laini zilizosajiliwa kwa vitambulisho vya watu wengine. Kwa hiyo piga *106# ili kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoitambua, nenda kwa kampuni husika ikaondolewe.

Iwapo umekwisha kutuma fedha, piga 100 mara moja, utaje namba ya muamala na uombe uzuiwe. Fedha zikiwa bado katika akaunti ya mpokeaji, yawezekana kuziokoa; zikishatolewa kwa wakala, kuzirejesha ni vigumu sana. Kisha toa taarifa kituo cha polisi, ukiwa na ujumbe wa tapeli na ule wa muamala.