Mgonjwa Amefia Wodini: Tuulize Nani, au Tuulize Vipi?

Mgonjwa anapofia katika wodi ya maradhi ya akili, habari hufika mtaani kabla ya maiti. Kufikia wakati wa maziko watu wameshagawanyika. Huyu anasema wauguzi walimpiga, yule anasema ni sindano zilimzidi, na wako wanaosema siku yake ilifika tu, kilichobaki ni kumuombea. Siku chache baadaye muuguzi aliyekuwa zamu anasimamishwa kazi, au hasimamishwi, na mambo yanaishia hapo. Wodi inabaki ile ile, na zamu ya usiku ni ile ile.

Iko njia nyingine ya kulishika jambo hili, nayo ni mapitio ya kifo: kikao cha watu wanaokaa na kufuatilia tukio dakika kwa dakika ili kujua lilitokeaje na nini kibadilishwe. Ili tuelewane, nitaieleza kwa kisa cha kweli ambacho uchunguzi wake uliwekwa hadharani, ingawa hakikutokea kwetu.

Usiku wa tarehe 30 Oktoba 1998, katika kliniki ya Norvic mjini Norwich, Uingereza, alikuwako mgonjwa aitwaye David Bennett, ndugu zake wakimwita Rocky. Alikuwa na umri wa miaka 38, mzaliwa wa Jamaika, Mrasta, na alikuwa ameishi na skizofrenia kwa miaka mingi. Aligombana na mgonjwa mwenzake, mzungu, kwa sababu ya simu ya wagonjwa. Yule mwenzake akamtukana kwa rangi yake, na wote wawili wakapigana. Wauguzi walipowatenganisha, aliyehamishwa kupelekwa wodi nyingine ni Bennett. Alipofahamu kwamba atalala huko, akampiga muuguzi ngumi. Wauguzi wakamwangusha, wakamlaza kifudifudi na kumshikilia sakafuni kwa takriban dakika 25. Akanyamaza. Hakuamka tena.

Mwaka 2001 mahakama ya uchunguzi wa vifo iliamua kwamba kilikuwa kifo cha ajali kilichochangiwa na uzembe. Kisha ikaundwa tume huru chini ya jaji mstaafu, Bwana John Blofeld, na ripoti yake ikatolewa mwaka 2004.

Sasa tukae sisi na kisa hiki kama wanavyokaa wanaofanya mapitio. Hatua ya kwanza ni kuandika mtiririko wa matukio: saa, nani alikuwa wapi, aliona nini, alifanya nini. Kila shahidi huandika peke yake, mapema, kabla ya watu kukaa pamoja na kuanza kusimulia hadithi moja. Na mtiririko hauanzi pale mgonjwa alipoangushwa. Unaanza nyuma zaidi, siku ambayo bado mambo yangeweza kuelekea kwengine.

Katika kisa cha Bennett, ukianzia sakafuni utaona mtu mkubwa, mwenye nguvu, amempiga muuguzi na ilibidi ashikwe. Ukianzia kwenye simu utaona mtu aliyetukanwa, akapigana na aliyemtukana, kisha akaondolewa yeye kama kwamba ndiye mkosa. Ukirudi nyuma zaidi utaikuta barua aliyoiandika miaka kadhaa kabla, akiwalalamikia wakubwa kwamba kliniki ina wagonjwa weusi lakini haina wauguzi weusi. Ngumi ile haikutoka hewani. Swali la mapitio si kama ngumi ilikuwa halali. Swali ni hili: je, katika wodi ile kulikuwa na utaratibu wowote wa kukaa na mgonjwa aliyetukanwa, kumsikiliza, na kumweleza kwa nini anahamishwa? Tume ilisema wazi kwamba ubaguzi ulikuwa ndani ya mfumo wenyewe wa huduma, wala haukuwa wa muuguzi mmoja tu.

Hatua ya pili ni kuuliza kwa kila uamuzi: kwa nini, wakati ule, mtu huyu aliona anafanya sawa? Hapa ndipo somo kubwa la kisa hiki lilipo, na kila anayefanya kazi wodini afaa alijue.

Mtu akilazwa kifudifudi na uzito ukawekwa mgongoni au mabegani, mbavu hazipanuki sawasawa na tumbo halina pa kwenda. Wakati huo huo amekuwa akipigana, kwa hivyo mwili wake unadai hewa nyingi kuliko kawaida. Akikosa pumzi, atajitutumua ili ajinyanyue. Anayemshikilia kwa juu anahisi mtu anayezidi kukataa, basi anakaza zaidi. Na anavyokaza, ndivyo pumzi inavyozidi kuwa finyu. Wote wawili wanapigania kitu tofauti: mmoja anapigania utulivu, mwengine anapigania hewa. Hatimaye mgonjwa analegea. Kwa aliye juu yake, ile ni dalili kwamba ametulia, kazi imefanikiwa. Kumbe moyo ndio unaosimama. Hata akiwa bado anasema neno, si hakika kwamba hewa anayoipata inamtosha.

Ukishaelewa hivyo, utaona kwamba kumwadhibu aliyemshikilia, peke yake, hakumlindi mgonjwa wa kesho. Muuguzi mwengine mwenye mafunzo yale yale, akiwa na hofu ile ile, angesoma ukimya ule vile vile. Hiki ndicho kipimo ambacho mapitio hutumia: mtoe mtu huyu, mweke mwenzake mwenye ujuzi kama wake. Je, angefanya tofauti? Ikiwa jibu ni hapana, tatizo liko kwenye mafunzo, idadi ya watu, vifaa au utaratibu. Ikiwa jibu ni ndiyo, kwa sababu mtu alipiga makusudi, alikuwa amelewa, au alibadilisha maandishi baadaye, basi hilo si la kikao cha mafunzo. Hilo ni la polisi na bodi ya taaluma, na kulificha chini ya neno "tunajifunza" ni kuwadhulumu wafiwa.

Hatua ya tatu ni kutengeneza marekebisho ambayo hayategemei mtu kukumbuka. "Wauguzi wawe makini zaidi" si marekebisho. Hakuna aliyeingia zamu akinuia kutokuwa makini. Tume ya Blofeld ilipendekeza mambo yanayopimika. Mgonjwa asishikiliwe kifudifudi zaidi ya dakika 3. Wafanyakazi wote wafunzwe kusukuma kifua na kumpulizia pumzi mtu ambaye moyo umesimama. Vifaa vya dharura viwepo na viwe vinafanya kazi. Daktari aweze kufika ndani ya dakika 20 akiitwa. Baadaye, mwongozo wa matibabu wa Uingereza wa mwaka 2015 ukasema kulaza kifudifudi kuepukwe, na kumshikilia mgonjwa kwa mikono kusizidi dakika 10 kwa kawaida.

Tuyalete haya kwenye wodi yenye wauguzi wawili usiku. Dakika 3 hazina maana ikiwa hakuna anayeangalia saa. Kwa hivyo lazima mmoja apewe kazi mbili tu: kukaa kichwani mwa mgonjwa, akitazama uso, midomo na pumzi, na kutaja dakika kwa sauti. Yeye ndiye mwenye neno la mwisho. Akisema "mwacheni," wote wanaacha, hata kama aliyeshika ni mkubwa wake kwa cheo. Mgonjwa akinyamaza ghafla, tafsiri ya kwanza iwe ni hatari, mpaka ithibitishwe vyengine: ageuzwe ubavu, pumzi ihesabiwe, mshipa upapaswe, kifaa cha kidoleni kivalishwe. Akidungwa sindano ya kumtuliza, asiachwe alale chumbani na mlango ufungwe. Akionekana amelala, apimwe kila dakika 15, na vipimo viandikwe pamoja na saa. Usingizi baada ya sindano, ukiutazama kupitia dirisha, hauna tofauti na kupoteza fahamu.

Hatua ya nne ndiyo inayosahauliwa zaidi, nayo ni kurudi. Baada ya miezi mitatu mtu aende wodini, saa nane za usiku, aulize: mtungi wa oksijeni uko wapi, na una hewa? Mara ya mwisho mgonjwa aliposhikwa, dakika ziliandikwa? Bila ya kurudi huko, ripoti hubaki kuwa karatasi. Uingereza wenyewe wanalijua hili kwa uchungu. Mwaka 2010, miaka sita baada ya ripoti ya Bennett, kijana Olaseni Lewis alikufa baada ya kushikiliwa na maafisa wa polisi katika hospitali ya akili London. Ilibidi mwaka 2018 itungwe sheria inayozilazimisha hospitali za akili kufunza wafanyakazi wao na kuandika kila mara nguvu inapotumika.

Na familia je? Ripoti ya Bennett ililaumu pia namna ndugu zake walivyotendewa baada ya kifo. Hili latuhusu sana. Sisi twapenda maiti izikwe mapema, na huo ni msingi wetu. Lakini mtu aliyekosa pumzi kwa kulaliwa mara nyingi haachi alama kubwa mwilini, hata maiti ikipasuliwa. Ushahidi mzito huwa ni mtiririko wa dakika na maneno ya walioona, wakiwemo wagonjwa wenzake, ambao ni nadra kuulizwa. Kwa hivyo, hata mkizika leo, ombeni kwa maandishi siku hiyo hiyo kwamba faili, karatasi ya vipimo na daftari la zamu vihifadhiwe. Ulizeni mgonjwa wenu alikuwa amelala vipi, kwa dakika ngapi, alidungwa nini na saa ngapi, na nani alimpima baadaye. Kama mnashuku jinai, ripotini polisi kabla ya kuzika.

Kwa wakubwa wa hospitali, iteni familia mapema, mseme mnachokijua na mtaje mnachokitafuta. Pole iliyo wazi si kukiri kosa. Na muuguzi aliyekuwa pale usiku ule, ambaye naye halali, apewe mtu wa kuzungumza naye. Akiogopa, hatasema aliona nini katika dakika ile mgonjwa aliponyamaza, na dakika hiyo ndiyo inayotakiwa kujulikana ili mwengine asife.