Mnunuzi wa viazi Kigali hukwepa upele akabeba uozo

Sehemu kubwa ya viazi vinavyoliwa Kigali hushuka kutoka Musanze, Burera, Nyabihu na Rubavu, wilaya za udongo wa volkeno. Huko juu, kwenye mita 2,000 na zaidi, hewa ni baridi. Kigali iko kwenye mita 1,500 hivi, na kuna joto zaidi. Tofauti hiyo ndogo huchangia kuamua gunia lililopakiwa likiwa zima litafunguliwa likiwa katika hali gani siku chache baadaye. Lakini mnunuzi, awe mama wa nyumbani Kimironko au mwenye mgahawa wa mishikaki na chipsi, kwa kawaida hutazama ngozi tu. Kwa sababu hiyo hupunguza bei ya kiazi kisicho na neno na kulipa bei kamili kwa kile kitakachomharibia gunia.

Kiazi kinachoonewa zaidi ni chenye upele. Ngozi yake ina mabaka ya kahawia yaliyokwaruka, makavu kama gome la mti, mengine yakiwa yameinuka na mengine yamechimba vishimo vya milimita chache. Bakteria wa udongoni hukivamia kingali kichanga, katika wiki za mwanzo za kutunga, hasa udongo ukiwa mkavu. Kikishavunwa, upele hauongezeki tena, wala hauhamii kiazi cha jirani ndani ya gunia. Ukikikata, nyama chini ya baka ni ngumu na ya rangi yake ya kawaida. Kioshe kwa brashi, kimenye, chimbua vishimo, kisha kipike: hakina madhara kwa mlaji.

Hasara yake ni ya mizani. Tuseme kilo 100 za viazi laini humpa mpishi kilo 82 baada ya kumenya. Zenye upele wa vishimo zikimpa 74, bei ya haki kwake ni pungufu kwa karibu asilimia 10, bila kuhesabu muda wa kumenya. Akipunguziwa robo ya bei, amepata faida. Upele wa juujuu, unaoondoka pamoja na ganda, haustahili punguzo lolote jikoni.

Uozo laini una tabia tofauti kabisa. Kiazi huweza kuonekana safi huku upande mmoja ukibonyea chini ya kidole gumba. Bakteria wake huingia kupitia jeraha la jembe au vitundu ambavyo kiazi hupumulia. Maji yakitanda juu ya ngozi, kiazi hukosa hewa na kinga yake hulegea. Ukikikata, utaona nyama imegeuka uji wa rangi ya krimu, na kati yake na sehemu nzima kuna mstari mweusi au wa kahawia. Pua haitoshi kukihukumu: mwanzoni uozo huu haunuki sana, uvundo huja baadaye vijidudu vingine vinapoingia. Kiazi hicho ni cha kutupwa. Kuchemsha huua bakteria, lakini hakuondoi kila sumu ambayo vijidudu hivyo vingine huenda vimeacha. Viazi vilivyoloweshwa na majimaji yake lakini bado vigumu vitengwe, vioshwe, vikaushwe, vikaguliwe na kupikwa siku hiyohiyo.

Ugonjwa wa mguu mweusi huanzia shambani. Mbegu iliyoambukizwa huoza, shina huwa jeusi na telezi kuanzia chini, na ugonjwa hufuata kikonyo hadi kwenye kiazi. Kwa hiyo kikate kwa urefu kupitia kitovu, pale kilipokuwa kimeshikana na mmea. Weusi ukianzia hapo na kuingia katikati, mara nyingine ukiacha uwazi mweusi, shuku mguu mweusi. Uozo ukianzia ubavuni au kwenye jeraha, shuku uozo laini. Kiazi kilichooza kote hakitakuambia kitu, kwa kuwa bakteria wa magonjwa haya mawili ni wa ukoo mmoja na kuna wanaosababisha yote mawili. Kama weusi ni kidogo na nyama iliyobaki ni ngumu na haina harufu, kata kwa ukarimu na upike kilichosalia. Kikiwa telezi, kitupe.

Usiuchanganye mguu mweusi na mnyauko bakteria, ambao huacha pete ya kahawia ndani na ute mweupe ukichuruzika kwenye pete hiyo au machoni.

Mchuuzi mwenye akili, basi, hamwagi maji juu ya viazi ili ving'ae, wala hafuniki kwa turubai gunia lililolowa mvua. Huvianika kivulini, hupanga magunia yapitishe hewa, na huchambua kila siku.

Mkulima ana hesabu nyingine. Chokaa hupunguza uchachu wa udongo, na upele wa kawaida hustawi zaidi uchachu ukipungua; anayetia chokaa apime udongo kwanza, asizidishe, na asiache shamba likauke viazi vinapotunga. Kiazi chenye mguu mweusi kisirudi shambani kabisa, hata kama nusu yake ingefaa kuliwa.