Pesa Inaonekana, Haitoki

Katikati ya mwaka 2023, wauzaji wadogo wa Uingereza wanaouza kazi za mikono kupitia soko la mtandaoni la Etsy walifungua akaunti zao wakakuta robo tatu ya mapato imezuiwa kwa siku 45. Wengi walilalamika kwamba hawakuambiwa wamekosa nini. Tuseme muuza mishumaa amepata oda ya pauni 40. Pauni 30 zinabaki kwa kampuni, naye anapewa 10 za kununulia nta, utambi, boksi na nauli ya posta. Mteja keshauwasha mshumaa, aliyeutengeneza hana pesa ya kutengeneza mwingine.

Soko lina hofu yake. Mteja akidai mzigo haukufika, soko ndilo hurudisha pesa kwanza, kisha limtafute muuzaji. Kwa hiyo duka jipya, mauzo yaliyopanda ghafla, au mizigo iliyotumwa bila namba ya ufuatiliaji hulitia wasiwasi. Hiyo ya mwisho huwaumiza wanaouza vitu vyepesi kama kadi na hereni, ambavyo hutumwa kwa barua ya kawaida kwa sababu ni nafuu. Mzigo umefika salama, lakini hakuna kumbukumbu ya kuthibitisha.

Ndiyo maana ujumbe wa kusema tu “naomba pesa yangu” hujibiwa kwa maneno yaleyale yanayotumwa kwa kila mtu. Muuzaji apakue taarifa ya malipo, aandike kila oda na kiasi chake, tarehe ya kutuma na uthibitisho wa kupokelewa, kisha aulize:

“Mmezuia pauni 30 za oda hii. Mteja ameipokea tarehe 6 na hajalalamika. Mmezuia kwa kifungu gani cha masharti yenu, na mtazitoa tarehe ngapi?”

Swali la namna hiyo hulilazimu soko kuitazama oda yenyewe.

Kwa wafanyabiashara walio ndani ya Umoja wa Ulaya, Kanuni 2019/1150, iliyoanza kutumika tarehe 12 Julai 2020, inalitaka soko liwe na mfumo wa malalamiko usio na malipo, na limjibu kila mlalamikaji kuhusu shauri lake kwa lugha inayoeleweka. Masoko madogo yamesamehewa. Muuzaji wa Zanzibar au Mombasa hana kinga hiyo. Tegemeo lake kubwa ni mkataba aliokubali alipofungua duka, basi asome sehemu ya kuzuia malipo kabla ya kutuma mzigo wa kwanza, na kwa bidhaa ya bei kubwa aingize gharama ya ufuatiliaji kwenye bei.

Wale wa Uingereza hawakunyamaza. Magazeti yaliandika habari zao, na Agosti 2023 Etsy ikatangaza kupunguza kiasi inachozuia kwa baadhi yao.