Presha ya Kijana Ina Chanzo Chake

Kijana wa miaka 28 akikutwa na presha ya 170 kwa 110, wengi humwambia apunguze chumvi na mawazo. Chumvi aipunguze, lakini kwa umri huo presha ya juu kiasi hicho inahitaji kutafutiwa chanzo.

Mtu anapoinuka ghafla kitandani, damu hushukia miguuni. Neva zilizo kwenye mishipa mikubwa ya shingo na karibu na moyo huhisi mara moja, na ndani ya sekunde chache moyo huongeza mapigo na mishipa hujibana. Lakini presha ya siku hadi siku hutegemea zaidi figo, kwa kuwa ndizo zinazoamua chumvi na maji kiasi gani vibaki mwilini.

Figo zikipata damu pungufu, hutoa renini. Hiyo huzalisha anjiotensini, inayobana mishipa na kuzichochea tezi za adrenali, zilizokaa juu ya figo, zitoe aldosteroni. Aldosteroni hurudisha chumvi kwenye damu na kuitoa potasiamu kwa mkojo. Presha ikipanda vya kutosha, figo hupunguza renini na aldosteroni nayo hushuka.

Mwaka 1954, Dakta Jerome Conn wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, alimchunguza mwanamke wa miaka 34 aliyekuwa na presha, misuli dhaifu na mikono inayokakamaa. Potasiamu yake ilikuwa chini mno. Conn alishuku kwamba aldosteroni ilikuwa inamwagika bila kuamriwa na figo. Alipopasuliwa, tezi moja ilikutwa na uvimbe, na baada ya kuondolewa hali yake ikaimarika.

Leo ugonjwa huo hutafutwa kwa kupima renini na aldosteroni pamoja: aldosteroni huwa juu wakati renini iko chini kabisa. Potasiamu ya kawaida isimpumbaze mtu, kwani wagonjwa wengi wanayo. Baadhi ya dawa za presha huvuruga majibu, lakini ni daktari tu anayeweza kuzisimamisha kabla ya kipimo.

Renini ikiwa juu, fikira huhamia kwenye mshipa wa figo uliosinyaa, jambo linalowapata hasa wanawake vijana. Hapo figo inapata damu kidogo, hivyo inadai presha wakati mwili mzima tayari unayo ya kupita kiasi. Protini au damu kwenye mkojo huelekeza kwenye ugonjwa wa figo zenyewe. Kichwa kuuma, jasho na moyo kwenda mbio vinavyokuja kwa vipindi huelekeza kwenye uvimbe wa adrenali unaomwaga adrenalini. Daktari aulize pia kuhusu vidonge vya uzazi wa mpango, kisha apime presha mkononi na mguuni: ya mguu ikiwa chini sana, huenda mshipa mkuu umebanwa tangu kuzaliwa.