Kipimo Kikigeuka Kijivu

Anayejifunza kuchora vipande vya mashine kwa programu ya SolidWorks hukutana na jambo hili mapema. Anaweka kipimo, kinatokea kwa rangi ya kijivu, anakibofya mara mbili ili aandike namba nyingine, na namba inagoma kubadilika. Siku nyingine kipimo hakigomi, ila kinasoma namba asiyoitarajia kabisa. Wanafunzi na mafundi wazoefu huuliza maswali yaleyale, na majibu yake yanashikana.

Kipimo cheusi na cha kijivu vina tofauti gani?

Ndani ya mchoro wa awali wa kipande, kipimo cheusi kinatoa amri. Ukiandika 200, mstari unarefuka au kufupika mpaka utimie milimita 200. Cha kijivu kinatoa taarifa tu: kinalipima umbo jinsi lilivyo na kukuonyesha jibu. Programu hukiita `Driven`, yaani namba yake inaamuliwa na vitu vingine vilivyomo kwenye mchoro. Hakijaharibika, na ukiifunga programu na kuifungua upya utakikuta vilevile.

Niliweka kipimo sahihi kabisa. Mbona kikakataliwa?

Tuchukue bamba la kufungia mota. Urefu wake ni milimita 200, na lina matundu mawili ya boliti yaliyo kwenye mstari mmoja. Umeshaandika vipimo vitatu: 200 kutoka ukingo hadi ukingo, 40 kutoka ukingo wa kushoto hadi kitovu cha tundu la kwanza, na 120 kutoka kitovu hadi kitovu. Sasa unataka kuonyesha umbali wa tundu la pili kutoka ukingo wa kulia.

Umbali huo umeshaamuliwa. Toa 40 na 120 kwenye 200, inabaki 40, na hakuna namba nyingine inayowezekana. Ndiyo maana linafunguka dirisha lenye kichwa `Make Dimension Driven?` na kukupa njia mbili. Ukichagua `Make this dimension driven`, kipimo kinabaki kama taarifa ya kijivu. Ukichagua `Leave this dimension driving`, unaulazimisha mchoro uwe na amri nne mahali panapotosha tatu. Mistari inabadilika rangi, na chini ya skrini panaandikwa `Over Defined`. Haisaidii kwamba namba zako zinakubaliana leo, kwa sababu kesho ukibadilisha moja, programu haitajua itii ipi.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: kati ya vipimo hivi vinne, kipi kinastahili kufuata vingine? Wengi hukiacha kijivu kile walichokiweka mwisho, kwa bahati tu ya mpangilio. Huo si uamuzi wa fundi. Hapa mota ndiyo inayoamua. Matundu ya miguu yake yako umbali wa 120, kwa hiyo 120 lazima iongoze, la sivyo boliti hazitaingia. Urefu wa bamba nao unaongoza, maana ndio utakaokatwa. Kinachobaki ni kuchagua ukingo mmoja wa kupimia. Kama bamba litaegeshwa upande wa kulia wakati wa kutoboa, umbali wa kulia ndio uongoze. Bofya kulia juu ya 40 ya kushoto uchague `Driven`, kisha bofya kulia juu ya 40 ya upande mwingine uiondolee alama hiyohiyo. Fuata mpangilio huo, kwa sababu ukianza na cha pili utarudi kwenye `Over Defined`.

Uchaguzi huu unafika hadi karakanani. Tuseme kila kipimo kinachoongoza kinaruhusiwa kupotoka kwa 0.2 juu au chini. Makosa hayo matatu yanaweza kurundikana yote kwenye kile cha nne, kikapotoka hadi 0.6. Kwa sababu hiyo kipimo cha taarifa kikitokea kwenye karatasi huandikwa ndani ya mabano, ili anayetengeneza ajue kwamba hatakiwi kukitumia kukagua kazi.

Sikuongeza kipimo cha ziada, lakini bado ni kijivu.

Basi kuna amri isiyo na namba. Unapochora, programu hukisia nia yako: mstari ulionyooka hivi iufanye mlalo, nukta iliyopita karibu na katikati ya ukingo iinase hapohapo. Kila kisio huacha alama ndogo ya kijani kando ya mstari. Kama kitovu cha tundu kilinaswa katikati ya ukingo, umbali wake kutoka pembeni umeshajulikana, na kipimo chochote utakachokiweka hapo kitakuwa kijivu. Fungua `Display/Delete Relations`, utazame orodha, ufute uhusiano usioutaka. Ukitaka kuzuia makisio hayo, shikilia kitufe cha `Ctrl` wakati unachora.

Kwenye karatasi ya michoro, vipimo vyangu vyote ni vya kijivu. Kuna tatizo?

Hakuna. Vipimo unavyoviweka mwenyewe juu ya karatasi hulipima umbo bila uwezo wa kulibadilisha. Vinavyoletwa kutoka kwenye kipande chenyewe kwa `Model Items` ndivyo vyeusi, na ukivibadilisha kipande nacho kinabadilika. Kama kijivu kinachapishwa hafifu mno, fungua `Page Setup` uchague `Black and white`.

Na pale kipimo kinapoonyesha namba isiyo yake?

Mara nyingi umbo liko sawa, ila usomaji ndio umepinda. Ukiona ukingo wa milimita 100 unasoma 81.65, usilitafute kosa kwenye kipande. Hiyo ni dalili ya picha ya pembe tatu inayopimwa kama kivuli chake kwenye karatasi, ambamo kingo kuu zote huonekana fupi kwa kiwango hicho. Bofya picha hiyo, nenda `Dimension Type`, ubadilishe `Projected` iwe `True`, na 100 itarudi.

Dalili nyingine ni jumla isiyotimia. Gawanya milimita 100 katika sehemu tatu sawa na kila moja itaandikwa 33.33. Anayejumlisha atapata 99.99 na kudhani kuna kosa, kumbe ndani ya programu sehemu hizo zimetimia, ila karatasi imeonyesha desimali mbili tu. Ukiongeza desimali, pengo litapungua lakini halitakwisha. Mahali kama hapa ni heri uandike urefu mzima na idadi ya mgawanyo.

Sababu ya tatu ndiyo ya hatari. Kwenye karatasi mtu anaweza kuweka alama kwenye kisanduku cha `Override value` na kuandika namba yoyote juu ya kipimo. Umbo halisogei hata kidogo. Karatasi inasema 150, kipande ndani ya kompyuta ni 148, na mashine ya kukata inayosoma faili itakata 148. Usitegemee rangi pekee ikuonye. Bofya kipimo unachokishuku, tazama sehemu ya `Primary Value` kwenye paneli ya kushoto, na kama kisanduku kina alama, kiondolee ili namba halisi ijitokeze. Hitilafu hiyo irekebishwe kwenye kipande chenyewe. Mchoro wenye namba iliyoandikwa juu kwa mkono usipelekwe karakanani, hata kama kazi inaharakishwa.