Mama Anayelala na Maji ya Kisima Kiunoni

Kilichoninasa ni mkanda. Mpimaji wa maji niliyemkuta Kidete, wilayani Kilosa, hulala amejifunga kiunoni mkanda wa kitambaa wenye mifuko midogo. Mfuko mmoja una mrija wenye mililita 10 za maji ya kisima. Wa pili una kadi nyembamba iliyodondoshewa mililita 1 ya maji hayohayo, ikabanwa kati ya vipande viwili vya karatasi ngumu isije ikakunjika.

“Vijidudu tunavyovitafuta makao yake ni tumbo la mtu au la mnyama,” ananieleza. “Vinataka joto la mwili ndipo viote. Maabara ina mashine ya joto hilo, na umeme wa kuiwasha. Mimi joto ninalo.”

Njia hii si ubunifu wake. Shirika la Makazi la Umoja wa Mataifa liliichapishia mwongozo mwaka 2010, ukiandikwa na Robert Metcalf na mwenzake. Baada ya saa kama 24 maji ya mrija yakigeuka manjano, kuna bakteria wa kundi la koliformu, ambao wengine huishi hata kwenye udongo. Hapo mama huyu huingia chumba chenye giza na kuumulika mrija kwa tochi ya mwanga wa urujuanimno. Ukimeremeta rangi ya samawati, kuna ikolai, ndiyo kusema kuna kinyesi. Kadi nayo humpa hesabu: kila doa la samawati lenye kiputo cha hewa pembeni ni ikolai mmoja aliyezaana. Doa moja katika mililita 1 ni sawa na 100 katika mililita 100, kipimo ambacho Shirika la Afya Duniani linataka asiwemo hata mmoja.

Familia anayoisimulia sitaitambulisha. Bibi na wajukuu wawili walikuwa wakiharisha, wakipona, wakiharisha tena. Zahanati iliwapa chumvichumvi za kuongeza maji mwilini, na watoto wakapewa zinki. Kitoto kichanga cha nyumba hiyo, kinachonyonya tu, hakikuugua.

“Hapo nikaanza kuwaza maji,” anasema. “Lakini maji ya wapi? Wengi wanakimbilia kulaumu kisima, kumbe uchafu umeingia kwenye mtungi, kwa kikombe kilichoshikwa na mkono usionawa. Nikapima kisima, nikapima mtungi, nikapima na kisima cha jirani wa pili.”

Asubuhi kadi ya kisima ilikuwa na madoa 14 ya samawati, ya mtungi 16. Kisima cha pili hakikuwa na doa, na mrija wake haukumeremeta. Kwa hiyo uchafu ulikuwa umeshaingia kabla maji hayajafika nyumbani.

Ila kisima huchafuka kwa njia nyingi. Kamba ya ndoo ilikuwa inaburuzwa chini walikopita mbuzi. Upande wa juu, hatua 12 hivi, kulikuwa na choo cha shimo cha jirani. Wataalamu hupenda umbali wa mita 30. Ukanda huu wa Mto Mkondoa, ambako mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliikata Reli ya Kati, maji ya ardhini hupanda masika. Shimo lililokuwa kavu kiangazi huweza kuloa kwa chini.

Alivyotenganisha kamba na choo ndipo nilipomvulia kofia. Kisima kilikuwa na maji ya lita 1,000 hivi. Alikoroga gramu 150 za klorini ya unga kwenye ndoo, akaimwaga kisimani, akasugua kuta, akaiacha usiku kucha. Kesho yake maji yakachotwa na kumwagwa mpaka harufu ikaisha. Kamba na ndoo vikawa vipya, vikitundikwa juu.

“Nikangoja klorini iishe kabisa, maana ikiwemo inaua vijidudu, na kadi itakudanganya. Nilipopima, kadi nyeupe. Wakafurahi. Nikawaambia, bado, msiache kuchemsha.”

Baada ya wiki mbili, mvua zikiendelea, madoa yalikuwa 9. Kamba mpya ilikuwa safi, mbuzi wamezuiwa. Uchafu ulikuwa na njia nyingine ya kuingia, na ulikuwa unaendelea kuingia. Kutia dawa tena kungewapa siku chache tu.

Jirani mwenye choo alipoitwa aliuliza swali moja: una hakika ni changu? Mpimaji hakumdanganya. “Kadi inaniambia ni kinyesi. Cha mtu au cha mbuzi, haisemi. Wala hainitajii ugonjwa uliomlaza bibi. Ninachojua ni kwamba kisima kiko bondeni, choo kiko juu, na mvua ikinyesha madoa yanarudi.”

Familia sasa inachota kisima cha pili, na kuharisha kumekoma. Jirani anasema kisima kilichimbwa yeye akiwa na choo chake tayari, na kuchimba shimo jipya ni gharama. Nani ailipe? Mama wa mkanda hana mamlaka ya kuamua, na masika mengine yanakuja.