Kipande Kitupu cha Msitu Nacho Kina Kazi

Katika Milima ya Taita, Kenya, msitu wa mawingu umebaki vipandevipande juu ya milima, katikati ya mashamba. Mbololo, Ngangao na Chawia ni miongoni mwa vipande hivyo. Humo anaishi ndege asiyepatikana kwingineko duniani, aitwaye na wataalamu Turdus helleri: kichwa cheusi, mdomo wa rangi ya chungwa, hula akichakura majani makavu chini ya miti. Mahali peupe hapapendi.

Ndege wa namna hii huishi kwa makundi yaliyotengana. Kundi dogo ni rahisi kutoweka: ukame mmoja, au majike kupungua, basi. Kinacholiokoa eneo zima ni wahamiaji wanaotoka kipande kingine na kuanzisha kundi upya.

Mwaka 1969 mwanaikolojia Richard Levins aliiweka hali hiyo katika hesabu. Tuchukue mfano wa vipande 10 vinavyolingana, 5 vina ndege na 5 ni vitupu. Kila mwaka kundi 1 kati ya 5 hutoweka. Tuseme pia kila kundi hutoa wahamiaji wa kutosha kuanzisha makundi mapya 0.4 kwa mwaka, kama wote wangefikia vipande vitupu. Makundi 5 yangeanzisha 2, lakini kwa kuwa nusu ya vipande tayari ina wenyeji, huanzishwa 1 tu. Moja linatoweka, moja linazaliwa, hesabu inasimama.

Sasa mtu afyeke vipande 4 vitupu, akisema havina ndege. Wahamiaji wengi wataangukia mashambani. Makundi mapya hushuka hadi 0.2 kwa mwaka, huku 1 likiendelea kutoweka. Idadi hupungua hadi kubaki kundi 1. Akifyeka vyote 5, ndege wataisha kabisa, ingawa hakuna hata mmoja aliyefukuzwa kiotani. Wala haitokei siku ileile: kwa miaka kadhaa ndege wataendelea kuonekana, na watu watadhani mambo ni shwari.

Hesabu hii ina mipaka yake. Inachukulia vipande vyote kuwa sawa, ilhali Mbololo ni mkubwa kuliko Chawia na una ndege wengi zaidi. Chawia wamebaki wachache, na madume yamezidi majike. Tena ndege huyu huhama kwa nadra mno. Kundi likitoweka huenda lisirudi lenyewe.

Ndiyo maana watafiti huwanasa ndege kwa nyavu nyembamba, wakawavika pete miguuni na kuwaachia. Pete iliyovalishwa kipande kimoja ikikutwa kingine, ni ushahidi kwamba njia ipo. Na kipande hakiitwi kitupu kwa ziara moja, maana ndege aliyejificha vichakani hupitwa kirahisi. Hata kikithibitika kuwa kitupu, kisifyekwe: huenda ndicho makao ya kundi lijalo.